Kutafsiri tangazo la kupunguza wafanyakazi: sababu, tarehe na pesa zisipotee njiani

"Asalam alaykum maalim. Mie niko ofisi ya utumishi kwenye hoteli moja pwani ya mashariki huku Unguja. Nimepewa tangazo la Kiingereza la kupunguza watu 14 wa kitengo cha dobi nilitafsiri, na bosi kanambia nililainishe kidogo. Nimejaribu lakini kila nikilisoma naona ama nawatukana ama nawadanganya. Niliandike vipi liwe la utu na lisikosee tarehe wala pesa?"

Waalaykum salaam mwanangu. Nimeyasoma yote mawili ulonitumia, la Kiingereza na hilo uloandika wewe, na huko kuhisi kwamba unawadanganya usikupuuze, mana kwenye rasimu yako kuna sehemu kadhaa ambazo kweli msomaji atatoka na jambo ambalo kampuni haikusema, na nyingi zimetoka hapo bosi alipokwambia ulainishe. Kwa Kiswahili chetu tukitaka kulainisha tunazunguka, tunaacha kutaja jambo kwa jina lake, na hilo linafaa ukenda kumwambia mtu kafiwa, lakini kwenye barua ya kazi mtu anabaki hajui kama katoka au hajatoka.

Angalia ulivyoandika: "uongozi umeona ni vyema kuwapumzisha baadhi ya wafanyakazi wa dobi." Neno hilo bara huenda likaeleweka vengine lakini kwa hoteli za huku lina maana yake kabisa. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli zinabaki tupu, zengine zinafunga, watu wanapumzishwa, wanarudi kwao Makunduchi, wengine wanapanda boti kwenda Pemba, na wageni wakianza tena kwenye Juni wanapigiwa simu warudi. Sasa wewe umempa mtu barua mwezi wa Mei inayosema kapumzishwa, yeye atafahamu nini? Atakwenda nyumbani akasubiri simu, na simu hiyo haiji. Neno umelitia kwa huruma mwanangu, najua, ila litamkosesha miezi miwili ya kutafuta kazi.

Na sikwambii kwa kusoma tu, mie mwenyewe nishafanya kosa la aina hiyo. Miaka mingi nyuma nilitafsiri tangazo kama hili la ofisi moja nikaandika "kusimamishwa kazi" kwa sababu niliona "kuachishwa" ni kali mno. Kulikuwa na mzee mmoja dereva, akanijia nyumbani baada ya wiki sita akaniuliza kikao chake cha nidhamu ni lini, mana kwake yeye kusimamishwa ni mtu ana tuhuma, anasubiri kusikilizwa, halafu anarudi au anafukuzwa. Wiki zote hizo alikuwa anaumia roho anajiuliza kaiba nini. Tangu siku hiyo sianzi kutafsiri tangazo la namna hii mpaka nishaliweka neno hilo mahali pake, alafu ndo naendelea na mengine.

Kwa hiyo anza hapo. Kufukuzwa ni kwa kosa. Kusimamishwa ni kwa muda na kuna tuhuma ndani yake. Kupumzishwa ni msimu. Kuachishwa kazi ni neno pana, linaingiza kila aina ya kutolewa na mwajiri, kwa hiyo si kosa lakini peke yake halisemi kwa nini. Kupunguzwa kazi ndo hasa jambo lenyewe, kila mtu analifahamu, na lina utu ndani yake kwa sababu linasema idadi ya kazi imepungua, halisemi mtu kafanya nini. Wazee wetu walokuwepo miaka ya 90 wanasema ridandansi mpaka leo, na ukilitaja mkutanoni watakufahamu, ila kwenye karatasi andika kupunguzwa. Na liandike mara moja wazi, mwanzo, pamoja na maneno "ajira yako itakwisha". Usimwache atafute mwisho wa ukurasa wa pili.

Kitu chengine kwenye hilo hilo. Kiingereza kinamwita mtu mwenyewe ridandanti, na wewe umefungua kamusi ukakuta "ya ziada, isiyohitajika", ukaandika "umekuwa wa ziada". Hapo ndo palipokuja kile ulichosema unawatukana, na kweli umewatukana. Kinachoondoka ni nafasi, si mtu. Andika "nafasi yako ya kazi inaondolewa" kisha "kwa hiyo ajira yako itakwisha tarehe fulani", viwili vyote, mana ukiandika cha kwanza tu kuna atakaedhani anahamishwa kitengo. Na pale palipoandikwa wafanyakazi wanaoguswa na jambo hili wewe umesema "wafanyakazi walioathirika". Liondoe. Unajua wenyewe neno muathirika watu wanalitumia kwa nani, na barua hii itasomwa kwa sauti mbele ya watu, atakaeisikia barazani atachukua neno moja tu aende nalo. Sema "wafanyakazi wanaopunguzwa" basi inatosha.

Mwanzo wa barua umeandika "Tunasikitika kutangaza". Mwanangu, sisi sote tumekua tukisikiliza matangazo ya vifo redioni, fulani wa fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake, maziko saa kumi. Mtu akisikia maneno hayo mwili unamsisimka kabla hajajua kafa nani. Anza na "Tunakuandikia kukujulisha" halafu jambo lenyewe. Masikitiko yaweke baada ya kueleza, sentensi moja, ya mwenye kuamua: "Tunajua uamuzi huu ni mzito kwako na kwa watu wako." Poleni usiiweke, mana pole anaitoa alie nje ya msiba, na hapa uongozi ndo ulioamua. Na ile "familia yetu ya hoteli" ilokuwepo kwenye Kiingereza mie ningemwambia bosi aitoe pande zote mbili, kwetu hapa mtu hapunguzwi kwenye familia, na msomaji ataliona neno hilo mara moja.

Sasa sababu. Rasimu yako inasema "kutokana na mahitaji ya uendeshaji na hali ya uchumi". Sentensi hiyo haina makosa ya lugha ila haimwambii kitu yule mama anaefua mashuka miaka sita. Atauliza tu, mbona jikoni hawakupunguzwa, mbona bustani wapo? Kwenye Kiingereza, ukurasa wa pili, sababu ya kweli ipo imejificha: kazi ya kufua inapewa kampuni ya nje kuanzia Juni, mashine mbili za hoteli zimechakaa na kununua mpya ni gharama kubwa kuliko kumlipa mkandarasi. Hiyo ndo sababu, na ndo inayojibu kwa nini dobi na si jikoni. Itoe ukurasa wa pili ilete juu. Hujazidisha kitu, umepanga tu, lakini mwonyeshe bosi kabla, mana kuhamisha sentensi ni jambo la mwenye barua kukubali. Ila kama sababu isingekuwepo kabisa kwenye Kiingereza, usingeitunga wewe kwa unayoyasikia kwenye korido, ungerudi kwa bosi ukamuuliza aandike yeye, kwa sababu siku mambo yakifika kwenye usuluhishi karatasi yako ya Kiswahili ndo itakayosomwa.

Na hapo hapo kwenye sababu kuna jambo la vitenzi ambalo limenitia wasiwasi zaidi kuliko yote. Aya ya kwanza ya Kiingereza inasema nafasi hizo zimeondolewa, imekwisha. Aya ya tano inasema zingeondolewa iwapo pendekezo litapita, na kwamba wafanyakazi watashauriwa. Wewe zote umeandika "zitaondolewa", Kiswahili kikameza tofauti. Nilivyokuuliza ukaniambia mazungumzo na wawakilishi wa wafanyakazi yashafanyika mara mbili mwezi wa Aprili na hili ni tangazo la mwisho, kumbe bosi kachukua barua ya mwanzo akabandika juu yake. Basi hapa sawa, ifute aya ya tano kwa ruhusa yake. Lakini liweke akilini kwa siku nyengine: barua ya kupendekeza iandikwe "tunafikiria kuondoa", "inapendekezwa", "uamuzi haujafanywa", na ukiandika "zitaondolewa" kwenye barua ya pendekezo umetangaza uamuzi kabla watu hawajasikilizwa, na mfanyakazi ana haki ya kusema hayo mazungumzo yalikuwa ya kuigiza tu, karatasi hii hapa ilishaamua. Kosa la silabi moja tu, "zita" badala ya "zinge", lakini linavuruga kazi yote ya kisheria.

Mana nimetaja sheria, ngoja niseme hili kwa haraka. Kwenye kiambatisho chenu kuna sheria ya bara, namba 6 ya 2004, na zile siku saba za mshahara kwa kila mwaka mwisho miaka kumi. Hiyo ni ya Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano, huku tuna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na ya Mahusiano Kazini namba 1 ya 2005, na nimeona hoteli nyingi ambazo ofisi zao kubwa ziko Dar wanaleta barua ya huko wanabadilisha jina la hoteli tu. Mwambie bosi apeleke hesabu zake Kamisheni ya Kazi waziangalie kwa sheria ya huku kabla hujatafsiri namba hata moja, kazi ya mtafsiri si kuikosoa sheria ila kuitafsiri sheria isokuwa ya hapa ni kumpa mtu haki ambayo hana au kumnyima ambayo anayo.

Twende kwenye tarehe. Kiingereza chenu kinasema mwisho wa ajira ni 06/05/2026 na barua inatolewa 05/06/2026. Hapo mtu akisoma kwa mpango wetu, ajira inakwisha tarehe 6 Mei na barua anapewa tarehe 5 Juni, yaani anaambiwa baada ya mwezi kwamba alishatoka! Ile programu ya ofisi yenu imewekwa kwa mpango wa Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma, kwa hiyo kinachokusudiwa ni barua Jumatano tarehe 6 Mei, ajira ikwishe Ijumaa tarehe 5 Juni. Usiandike tarehe kwa namba tupu popote kwenye tangazo hili. Andika jina la siku, namba, jina la mwezi, mwaka: "Ijumaa, tarehe 5 Juni 2026". Jina la siku lina faida yake, mana siku na tarehe zikigombana msomaji atauliza, lakini namba peke yake haigombani na kitu. Na andika Juni, usiandike "mwezi wa sita", kuna wazee bado wanahesabu na mfunguo, na hapo katikati kuna Idi ya Mfunguo Tatu, watu watakuwa wanazitaja hesabu zote mbili kwa pamoja.

Alafu kuna ile sentensi ya ajira kukoma "usiku wa manane wa Ijumaa". Kwa Kiswahili cha huku ukimwambia mtu usiku wa Ijumaa, wengi tunafahamu Alhamisi likishatua jua, usiku wa kuamkia Ijumaa, ndo usiku watu wanaosoma Yasini. Kwa hiyo kuna atakaeona ajira yake imekwisha Alhamisi na Ijumaa asende kazini, ukamkata siku, ukagombana nae kwa kosa lako wewe. Uache usiku kabisa. Andika "siku yako ya mwisho kuja kazini ni Ijumaa, tarehe 5 Juni 2026, na siku hiyo utalipwa kama kawaida". Neno "hadi" nalo liangalie, hadi tarehe 5 tarehe 5 yenyewe imo au haimo? Ukiongeza "na tarehe 5 imo" mambo yamekwisha.

Saa pia. Mkutano umeandikwa saa kumi kamili asubuhi kwa Kiingereza, na wewe, najua ni haraka, umeandika "saa 10:00" tu. Wa dobi wanaingia asubuhi wakatoka mchana, watasoma saa kumi ya jioni, wakija mkutano ushakwisha na habari washaisikia njiani kwa mtu wa mapokezi. Hicho ndo kitu kibaya kuliko vyote, mtu kusikia habari ya riziki yake kwenye daladala. Andika "saa 4:00 asubuhi".

Pesa sasa, hapa nenda polepole. Umetumia neno "mafao" kwa kila kitu. Watu wa huku wakisikia mafao wanafikiria ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na watafikiri hoteli inawapa pesa zao za mfuko, au kwamba wakichukua hizi za hoteli zile za mfuko zimeliwa. Zitenganishe. Za hoteli ziite "malipo ya mwisho kutoka hoteli", na za mfuko ziandikie sentensi yake peke yake, kwamba michango yao ya ZSSF iko palepale kwenye mfuko, haimo kwenye hesabu hii. Kiinua mgongo nacho usilitumie hapa, watu wanalijua kwa kustaafu. Kwa yale malipo ya kupunguzwa andika tu "malipo ya kupunguzwa kazi". Na zile laki mbili ambazo hoteli inaongeza kwa hiari, usiziite haki wala fidia wala zawadi. Haki si haki, fidia ni kana kwamba kuna kosa, na zawadi kwa mtu aliekoseshwa kazi ni kumchoma. Andika "pesa ambayo hoteli imeamua kuongeza kwa hiari yake, nje ya ile inayodaiwa kisheria". Refu, lakini kweli.

Kanuni yenyewe ya malipo kwenye barua yenu, mbali na zile siku saba za kiambatisho, ni siku 15 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia. Wewe umeandika "siku 15 za mshahara kwa kila mwaka". Yametoka maneno mawili, la msingi na uliotimia, hebu tulifanye kwa mtu mmoja uone yanachukua kiasi gani. Chukua yule mama ulonipa mfano wake, mshahara wa msingi shilingi 450,000, posho ya usafiri 90,000, kafanya kazi miaka 6 na miezi 8. Siku moja hoteli inaihesabu mshahara kugawa kwa 30, kwa hiyo 15,000. Miaka iliotimia ni 6, mara siku 15 ni siku 90, mara 15,000 ni 1,350,000. Sasa asome Kiswahili chako. Ataona mshahara, atachukua 540,000 anayoijua yeye pamoja na posho, siku yake 18,000. Ataona kila mwaka, atahesabu 7, mana wa saba kashaufanyia kazi miezi minane. Siku 105 mara 18,000 ni 1,890,000. Siku ya malipo akipewa 1,350,000 atasema kaibiwa 540,000, mshahara wake mzima wa mwezi, na hakuna alomwibia, ni maneno mawili tu yalokatwa kwa sababu sentensi ilionekana ndefu. Na ukiacha kusema mgawanyo ni kwa 30, atakaejua habari za siku 26 za kazi atapiga 450,000 kugawa kwa 26, atapata jawabu yake nyengine ya tatu.

Kwa hiyo kwenye tangazo la jumla weka kanuni kwa ukamilifu, na kwenye barua ya kila mtu weka hesabu yake yeye kwa shilingi. Kazi ya barua 14 si kubwa, ni asubuhi moja. Kuna pia lile neno "up to" kwenye Kiingereza, kwamba hoteli itasaidia gharama za mafunzo "up to" 300,000. Umetafsiri "hadi shilingi 300,000" na kila mmoja atasikia kwamba anapewa laki tatu. Sema "gharama halisi kwa risiti, isizidi shilingi 300,000". Na lile la kuajiriwa tena, Kiingereza kinasema huenda wakafikiriwa, wewe umesema "mtapewa kipaumbele". Hiyo ni ahadi, tena ahadi ya hoteli nzima kwa saini ya bosi. Kama hoteli haiahidi, sema "nafasi ikitokea unaweza kuomba kama wengine, hoteli haiahidi kukuajiri tena". Linauma kuliandika, naelewa, lakini yule mama akishalijua ataanza kwenda kuuliza kwa yule mkandarasi mpya wiki hiyo hiyo, na pengine huko ndo kuna kazi.

Jambo la u na m, nisilisahau. Kiingereza kina neno moja kwa mmoja na wengi, sisi hatuna. Kwenye tangazo lako umeandika "mtalipwa" mwanzo hadi mwisho, na tangazo linabandikwa ubaoni wanalisoma na wa jikoni na wa mapokezi wasopunguzwa. Nani hao "m"? Kwenye tangazo la wote andika "wafanyakazi 14 wa dobi watalipwa", na u ya mtu mmoja iweke kwenye barua yake. Tena bosi asimwandikie mtu mzima "wewe" kavu mwanzo wa barua, jina lake na Bi au Bwana mbele, kama anavyoitwa hapo kazini.

Hii hapa barua ya mtu mmoja ningeiandika mie, kwa hesabu hiyo hiyo ya juu, uchukue unachokitaka:

> Bi (jina kamili),
>
> Tunakuandikia kukujulisha kwamba nafasi yako ya kazi katika kitengo cha dobi inaondolewa, na kwa hiyo unapunguzwa kazi. Ajira yako itakwisha Ijumaa, tarehe 5 Juni 2026. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kuja kazini, na utailipwa kama kawaida.
>
> Sababu ni kwamba kuanzia Jumamosi, tarehe 6 Juni 2026, kazi ya kufua itafanywa na kampuni ya nje. Mashine zetu mbili zimechakaa na uongozi umeamua kutonunua mpya kwa sababu ya gharama. Nafasi zote 14 za kitengo cha dobi zinaondolewa. Uamuzi huu hautokani na kosa lolote lako wala utendaji wako.
>
> Mshahara wako wa Mei utalipwa kama kawaida. Malipo yako ya mwisho kutoka hoteli, kabla ya makato ya kisheria, ni haya: mshahara na posho ya siku 5 za Juni, shilingi 90,000, siku 11 za likizo ambazo hukuzichukua, shilingi 165,000, malipo ya kupunguzwa kazi, siku 15 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, miaka 6, shilingi 1,350,000, na shilingi 200,000 ambazo hoteli imeongeza kwa hiari yake. Jumla ni shilingi 1,805,000. Siku moja imehesabiwa kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 30.
>
> Pesa hizi zitaingia kwenye akaunti yako ya benki Ijumaa, tarehe 5 Juni 2026. Siku hiyo pia utapewa cheti cha utumishi. Michango yako ya ZSSF iko kwenye mfuko na haimo katika hesabu hii.
>
> Ukiona hesabu haiko sawa, njoo ofisi ya utumishi siku yoyote ya kazi kabla ya tarehe 5 Juni, peke yako au pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi.
>
> Tunajua uamuzi huu ni mzito kwako na kwa watu wako. Tunakushukuru kwa kazi uliyofanya hapa kwa miaka 6 na miezi 8.

Ile shukrani ya mwisho nimeitia miaka yake kwa makusudi, mana "tunathamini mchango wako" kila mtu atapata hilo hilo, lakini miaka 6 na miezi 8 ni yake yeye. Na "hautokani na kosa lolote lako" nimeiweka pale kwenye sababu si mwisho, kwa sababu mtu wa huku barua ikifika nyumbani swali la kwanza la jirani ni kafanya nini, na anataka aonyeshe mstari huo kwa kidole. Hakikisha tu ni kweli kwa kila mmoja wa wale 14, kama kuna mwenye kesi ya nidhamu inaendelea muulize bosi kabla hujaiacha sentensi hiyo kwenye barua yake.

Kwenye Kiingereza chini kabisa kuna mstari unasema lugha mbili zikigongana Kiingereza ndo kitafuatwa. Mie sikuutafsiri na ningemwomba bosi autoe. Watu hawa wanasoma Kiswahili tu, huwezi kumpa mtu karatasi anayoifahamu ukamwambia ya kweli ni ile asoifahamu. Badala yake zisainiwe zote mbili, na ili bosi aweze kusaini bila hofu mfanyie hivi. Mtafute mtu mmoja asiekuwa ofisini kwenu, ukimpata wa jikoni mtu mzima bora zaidi lakini awe mtu wa kuweka siri mpaka Jumatano, msomee Kiswahili tu kwa sauti, mara moja, alafu muulize: huyu katolewa kwa nini, siku ya mwisho kuja kazini ni ipi, anapata shilingi ngapi na siku gani, ataitwa tena au haitwi? Andika anavyojibu, kwa maneno yake, ndo uweke pembeni ya Kiingereza uangalie. Palipotofautiana usimwelezee yeye, rudi urekebishe karatasi, mana Jumatano hutakuwepo nyumbani kwa kila mmoja kuelezea. Mie nikifanya hivi sijawahi kukosa kupata angalau sehemu moja, na mara nyingi ni kwenye tarehe.

Na siku yenyewe barua zitolewe mkononi kabla tangazo halijabandikwa ubaoni, wale 14 kwanza, hata kama ni nusu saa tu.